Herufi Iliyofutwa kwa Wino Mwekundu

Aliyesababisha mwalimu wa darasa la tano anyang'anywe kazi, nyumba na haki ya kukaa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ni padri mkaguzi wa shule za misheni, ambaye mimi nilikuwa karani wake. Hakulitenda peke yake. Padri mkuu wa misheni alitia sahihi bila kuuliza swali hata moja, na mimi nilipiga taipu barua aliyoitia sahihi. Nayaweka haya mwanzoni kwa sababu katika faili iliyobaki sisi watatu hatuna doa, na mwalimu, ambaye peke yake hakukosea, ndiye aliyeandikiwa kosa.

Jambo lenyewe lilikuwa karatasi ya somo. Kwa wasiojua desturi ya wakati ule, nitaeleza. Mwalimu mwenyeji aliajiriwa kwa majaribio, na mwisho wa majaribio alitakiwa kufundisha somo moja mbele ya mkaguzi. Kabla ya siku hiyo aliandika maandalizi yake katika daftari: lengo la somo, vifaa, marudio ya somo lililopita, hatua moja baada ya nyingine, maswali atakayouliza na majibu anayoyatarajia, na mwishoni zoezi la kuandika. Daftari lililetwa ofisini, mkaguzi akalisahihisha kwa wino mwekundu, kisha mimi nikalipiga taipu nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Tangu hapo mwalimu hakuwa na ruhusa ya kuacha neno wala kuongeza neno. Somo likimpendeza mkaguzi, mwalimu alithibitishwa kazini. Lisipompendeza, kibali chake cha kukaa mjini kilikwisha pamoja na kazi, maana mtu mweusi asiye na kazi hakuwa na haki ya kulala mjini, na nyumba ya shule ilitakiwa mara moja kwa mwalimu mwingine.

Mwalimu huyu alitoka upande wa Mitwaba. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache, mwembamba, mpole wa sauti, na mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wangu. Nalisema hili ingawa mwandiko ndio ulionipa mimi kazi. Mke wake alikuwa na mimba ya pili. Somo alilopangiwa lilihusu jinsi wanyama walivyoumbika kufaa mahali wanapoishi: jangwani, msituni na majini.

Nimelisoma daftari lile mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yoyote ya maisha yangu, basi naweza kusema lilikuwa na nini. Kwa jangwa aliandika habari za ngamia. Watoto wa Katanga hawajaona jangwa, kwa hiyo alipanga kuanza na beseni la mchanga. Mtoto mmoja angesimamisha kijiti juu ya mchanga na kukikandamiza, kizame. Mwingine angeweka kifuniko kipana cha mkebe na kukikandamiza kwa nguvu ileile, kisizame. Hapo ndipo angeeleza unyayo wa ngamia. Halafu kope ndefu na pua inayofungika upepo wa mchanga unapovuma. Halafu nundu, na pembeni alikuwa ameandika: «Watasema nundu ina maji. Waache waseme, ndipo uwasahihishe. Ni mafuta, akiba ya chakula.»

Kwa msitu alichagua kakakuona wa mitini, ambaye mkia wake hushika tawi kama mkono wa tano, na okapi, ambaye mistari yake ya nyuma humpoteza machoni pa chui katika mwanga uliokatikakatika chini ya miti. Kwa maji aliandika samaki na matamvua yake na mwili wake uliochongoka. Kiboko, ambaye macho, masikio na pua zake ziko juu ya kichwa ili aone na apumue huku mwili wote umezama. Na mwisho samaki mmoja wa mabwawa ya Upemba, mwenye mapafu, ambaye bwawa likikauka hujizika matopeni, akajifunika kwa utelezi wake mwenyewe unaokauka, akasubiri mvua. Mwalimu alikuwa amewaona watu wakimchimbua kwa jembe alipokuwa mtoto.

Mkaguzi alimpigia samaki huyo mstari na kuandika: «Hadithi za kijijini.» Nathibitisha hapa kwamba samaki huyo yupo, na kwamba miaka mingi baadaye nilimwona mwenyewe, hai, ndani ya bonge la tope lililokauka. Lakini si samaki huyo aliyemwangusha mwalimu.

Kilichomwangusha ni herufi moja. Mji wetu una Kiswahili chake. Wengi walisema, na bado wanasema, «nyama» kwa kitoweo na «nyama» kwa kiumbe wa porini, sauti moja kwa vitu viwili, na anayesikiliza hutambua kwa maana. Mwalimu aliona hatari ya jambo hilo darasani. Kwa hiyo katika daftari lake lote aliandika «mnyama» na «wanyama» kwa viumbe, akaiacha «nyama» kwa chungu cha jikoni. Mkaguzi alikuwa na orodha yake ya maneno, aliyoitunga mwenyewe, na ndani yake kiumbe ni «nyama», basi. Alipita ukurasa kwa ukurasa na kufuta kila «m» na kila «wa», mahali pasipopungua thelathini. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika: «Hapa hatufundishi Kiswahili cha Waarabu.»

Nilipiga taipu kama ilivyosahihishwa. Kichwa cha somo kikawa: «Nyama ya jangwa, nyama ya msitu, nyama ya maji.»

Siku ya Jumatano mwalimu alikuja kuchukua nakala yake. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kiasi kwamba tulilazimika kukaribiana ili kusikilizana. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, kisha akauweka mezani kwangu.

«Yaya, unajua somo hili ni la siku gani?» aliniuliza. Kwetu yaya ni kaka mkubwa.

«Ijumaa. Iko kwenye ratiba ya mkaguzi.»

«Ijumaa ya Kwaresima. Na mimi nitasimama mbele ya watoto arobaini, nitawaambia samaki iko nyama.»

Nilicheka. Ni lazima niandike kwamba nilicheka. Nilimwambia, «Basi wakisikia njaa watakusikiliza vizuri zaidi.»

«Minasema kweli, yaya. Wiki tatu katekista amewaimbisha: Ijumaa hakuna nyama, Ijumaa ni samaki. Watoto hawa si wajinga. Mwombe mkaguzi anirudishie ile m.»

«Wewe mwenyewe umwombe.»

«Mimi niko majaribio. Wewe uko ofisini miaka sita.»

Nilimjibu kwamba kazi ya karani ni kupiga taipu kilichoandikwa, na kazi ya mwalimu ni kufundisha kilichopigwa taipu. Jibu hilo lilinipendeza wakati ule. Aliikunja karatasi yake, akaiweka ndani ya shati isilowe, akatoka. Mlango wa mkaguzi ulikuwa hatua nne kutoka meza yangu. Sikuugonga.

Ijumaa nilifuatana na mkaguzi ili niandike maneno ya somo. Alikaa nyuma ya darasa, mimi ubavuni mwake. Mbele, juu ya meza, mwalimu alikuwa amepanga vifaa vyake: beseni la mchanga, kijiti, kifuniko cha mkebe, picha ya okapi iliyokatwa kwenye kalenda, chupa yenye samaki wawili wadogo wa mto Lubumbashi wanaoogelea, samaki mmoja mkubwa aliyekufa kutoka sokoni, na ngamia wa plasta aliyeazimwa sakristia, yule anayewekwa Krismasi karibu na hori pamoja na wafalme watatu. Sikio moja la ngamia lilikuwa limevunjika.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kiasi kwamba mkaguzi aliweka kalamu chini. Kijiti kilizama, kifuniko hakikuzama, watoto wakanyanyuka madawatini kutazama. Walisema nundu ina maji, kama mwalimu alivyotabiri, akawasahihisha. Mtoto mmoja akauliza kama huyu ndiye ngamia wa kupita kwenye tundu la sindano, na mwenzake akamjibu, «Na ile nundu? Atakwama tu,» na hata mkaguzi alitabasamu. Kakakuona walimjua wote. Okapi hawakumjua, wakabishana kama ni punda au twiga aliyekatwa shingo.

Kisha akafika majini. Aliinua chupa, akawaonyesha jinsi kifuniko cha shavu la samaki kinavyofunguka na kufungika. Akamfungua yule mkubwa shavu kwa kidole, wakaona matamvua mekundu, akaeleza kwamba maji huingia mdomoni na kutokea pale, na kwamba pale ndipo damu huchukua hewa iliyomo majini. Akauliza swali lililoandikwa kwenye karatasi, kama lilivyoandikwa:

«Samaki iko nyama ya wapi?»

«Ya mu mayi, mwalimu,» walijibu wote.

Mtoto wa dawati la tatu, mwana wa fundi wa reli, aliinua mkono. Nilikuwa nikiandika, na niliandika neno kwa neno.

«Mwalimu, leo iko Ijumaa.»

«Ndiyo.»

«Mama alipika samaki. Tulikula bote. Kama samaki iko nyama, tumefanya zambi?»

Wengine walianza kucheka. Mwenzake wa pembeni alimgeukia: «Wewe utaungama, sisi kwetu tulikula bukari na sombe tu,» yaani ugali na kisamvu.

Mwingine akasema kutoka nyuma, «Mwalimu, na kiboko? Kama iko nyama ya mayi sawa samaki, tunaweza kumukula Ijumaa?»

«Utamumaliza wewe?» aliuliza yule mwana wa fundi wa reli, na darasa lote likaangua kicheko.

Mwalimu aliwatazama, kisha akamtazama mkaguzi. Naamini alingoja msaada. Mkaguzi aliichukua tena kalamu yake. Ndipo mwalimu alipoweka karatasi mezani, akasema polepole, naye pia nilimwandika neno kwa neno:

«Sikilizeni. Nyama ya kula na munyama ya kuishi, haiko kitu kimoja. Samaki iko munyama, sababu inaishi, inapumua, inazaa. Kanisa inakataza nyama ya kula ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kuku, Ijumaa. Haikatazi samaki. Hamukufanya zambi. Neno la karatasi ndiyo linachanganya.»

Watoto waliridhika. Alirudi kwenye kiboko, akaeleza pua zinazofungika chini ya maji na kwamba usiku hutoka mtoni kula majani. Zoezi waliliandika kwa utulivu. Ukiondoa ile dakika moja, lilikuwa somo bora kati ya yote niliyoyaona katika miaka yangu ya ofisi ile. Na nikisema kweli yote, ile dakika ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote.

Mkaguzi alinyanyuka bila kumpa mkono. Njiani aliniambia, «Ameacha karatasi.» Nilisema, «Ndiyo, mupe,» kwani ndivyo tulivyowaita mapadri.

Bado jambo lingeweza kuishia katika karipio. Lakini watoto hukumbuka swali na kusahau jibu. Jumapili baada ya misa wanawake kadhaa walimsubiri padri mkuu mlangoni, wakitaka kujua kama ni kweli shule imesema samaki ni nyama, na kama ni hivyo Kwaresima nzima wamekuwa wakitenda dhambi, na nani atawaondolea. Mmoja alimwambia kwamba jirani yake Mprotestanti amecheka mpaka akakaa chini. Padri mkuu hakuwa mtu wa kuvumilia kuchekwa na Waprotestanti. Jumatatu alimwita mkaguzi, na mkaguzi alirudi ofisini na uso mweupe kuliko kawaida yake, akaagiza mwalimu aletwe.

Nilikuwapo. Mlango uliachwa wazi ili nisikie na kuandika.

«Wewe ulisema samaki ni nyama?»

«Karatasi ndiyo ilisema, mupe. Mimi nilisema iko munyama.»

«Nani aliandika karatasi?»

«Mimi niliandika wanyama. Weye mupe ulisahihisha, ikakuwa nyama. Daftari iko hapa ofisini.»

Mkaguzi aliniita. «Karani, nipe daftari la mwalimu.»

Lilikuwa katika kabati yangu, rafu ya pili, na nakala ya kaboni imefungwa juu yake. Kaboni haichukui wino mwekundu. Nakala zote tatu zilionyesha «nyama, nyama, nyama», kana kwamba mwalimu alizaliwa na neno hilo. Daftari peke yake ndilo lililokuwa na ushahidi: mwandiko wake chini, wino wa mkaguzi juu. Nilijua hivyo nilipolinyanyua. Mwalimu naye alijua, kwa sababu alinitazama mikono, si uso.

Nilimpa mkaguzi daftari. Nakala ya kaboni nikaifungua, nikabaki nayo.

Aliliweka kwenye saraka ya meza yake, akaifunga kwa ufunguo, akamwambia mwalimu, «Kwenye faili kuna nakala ya taipu. Sioni sahihisho lolote.»

Mwalimu alinigeukia. Kisha akaniuliza mimi, mbele ya mkaguzi, bila hasira: «Yaya, na wewe hauoni?»

Mkaguzi ndiye aliyejibu: «Karani haulizwi.»

Na kwa kuwa sikuulizwa, sikujibu. Nimejitetea kwa sentensi hiyo kwa muda mrefu, na haijawahi kutosha.

Barua niliipiga taipu alasiri ileile. Naikumbuka yote, lakini sentensi moja inatosha: «Mwalimu alitumia kwa makusudi neno lenye kupotosha, akawafundisha wanafunzi kinyume cha amri ya Kanisa, na alipokanywa akayatupa makosa yake juu ya maandishi rasmi.» Hakukanywa na mtu. Neno si lake. Na amri ya Kanisa aliieleza sawasawa kuliko mtu mwingine yeyote aliyekuwa katika chumba kile. Nilizijua kasoro hizo tatu zikiwa bado kwenye rola ya mashine, nikaipeleka barua kwa padri mkuu, akaitia sahihi juu ya magoti akiwa tayari amekaa garini.

Walimpa siku nane. Siku ya saba nilikwenda nyumbani kwake, nikakuta mkewe anafunga vyombo kwenye mkeka. Alinikaribisha kiti, kisha akaendelea na kazi yake. Mwalimu alinitolea maji ya kunywa. Nilimwambia nitaandika barua juu zaidi, kwa wakuu wa elimu.

«Utaandika na mashine ya nani, yaya?» aliuliza.

Mashine ilikuwa ya mkaguzi, karatasi ilikuwa ya mkaguzi, na kibali changu mimi pia cha kukaa mjini kilitiwa mhuri kwa barua ya mkaguzi. Yeye alijua hayo kabla ya kuuliza. Tulizungumza habari za barabara, kwamba mvua imeikata mahali pawili na lori litachelewa. Waliondoka kesho yake juu ya magunia ya chumvi. Mtoto wao wa pili alizaliwa njiani na hakuishi. Hili nililipata kwa barua fupi, ya mwandiko uleule safi, isiyonilaumu kwa lolote. Hakusimama tena mbele ya darasa. Cheti kilichoharibiwa na sentensi ile hakikukubaliwa na misheni yoyote, na baada ya uhuru, alipoomba kazi serikalini, waliuliza faili ya zamani, na faili ikawajibu kama tulivyoiandikia ijibu. Alilima mihogo mpaka alipokufa.

Mimi nilipanda. Kutoka karani nikawa karani mkuu, kisha mkuu wa idara katika serikali ya nchi huru, na nikastaafu na heshima zote. Katika mwaka wangu wa mwisho nilitumia cheo changu kuiomba faili. Nilimkuta mtunza nyaraka kijana, mwenye adabu, aliyeniletea bahasha na kuniacha niisome dirishani. Mlikuwamo karatasi ya somo ya taipu, barua ya padri mkuu, na maneno ya somo niliyoyaandika mimi kwa mkono, lakini ukurasa wa majibu ya mwalimu haukuwamo. Daftari halikuwamo. Nilimweleza mtunza nyaraka kinachokosekana. Alinisikiliza, akauliza kwa upole kama nina uthibitisho wa maandishi. Nilimwambia uthibitisho ni mimi. Alisema, «Pole, mzee, hatuna mahali pa kuandika hivyo.»

Nimeandika barua nne tangu siku hiyo: kwa misheni, kwa idara ya elimu ya jimbo, na mara mbili kwa hifadhi ya nyaraka. Moja ilijibiwa, walinishukuru kwa kuipenda historia. Mkaguzi amekwisha kufa Ulaya, padri mkuu vilevile. Sitarajii tena kitu. Lakini kutotarajia hakumwondolei mtu wajibu wa kudai, na hivyo nadai.

Kwa hiyo mimi niliyetajwa hapo juu kama karani wa mkaguzi, nikiwa na akili timamu, nadai rasmi kwamba misheni iliyorithi samani na saraka za ofisi ile itafute daftari la mwalimu wa darasa la tano na kulitoa, au itamke kwa maandishi kwamba liliharibiwa, na nani aliliharibu. Nadai hifadhi ya nyaraka iweke maelezo haya katika faili yake, juu ya barua ya kufukuzwa na si chini yake. Nadai idara ya elimu ifute sentensi niliyoinukuu na iwaandikie watoto wake waliobaki kwamba baba yao alifundisha sawa. Na kwa kuwa sitaki kudai kwa wengine nisichokitoa mwenyewe, nadai jina langu kamili, nililolikabidhi katika bahasha pamoja na nakala hii, liandikwe katika faili hiyo miongoni mwa waliohusika. Majibu yaletwe kwa maandishi, yakiwa na sahihi ya mtu anayeweza kuulizwa.